Jina Moja, Mikono Mingi: Wasifu wa Msanii na Historia ya Sanaa ya Nyanda za Juu Kusini

Wanawake wa Kikisi wa Ikombe na vijiji jirani, chini ya milima ya Livingstone, hufinyanga vyungu kwa mikono, bila gurudumu. Vyungu hivyo hupakiwa katika mitumbwi hadi soko la Matema, kisha huuzwa mbali, Mbeya mjini na kwingineko. Miaka ya 1970 mtafiti S.A.C. Waane aliandika juu ya ufinyanzi huu. Hata hivyo, chungu cha Kikisi kikifika katika kabati la makumbusho, kwa kawaida hubeba jina la kabila na la mahali tu. Jina la mfinyanzi halimo. Makala haya yanadai kwamba ukimya huo na sifa anayomwagiwa msanii mmoja mashuhuri vina chanzo kimoja, yaani mazoea ya kuandika historia ya sanaa kama mfululizo wa wasifu.

Mazoea hayo yana umri mrefu. Mwaka 1550, huko Florensi, Giorgio Vasari alichapisha wasifu wa wasanii wa Italia. Humo Giotto ni mtoto mchungaji anayechora kondoo juu ya jiwe, hadi Cimabue apite na kukitambua kipaji chake. Mwaka 1934 Ernst Kris na Otto Kurz walionyesha kwamba visa vya namna hiyo hurudiarudia kutoka wasifu mmoja hadi mwingine: utoto wa kimaskini, kipaji kisichofundishwa, ugunduzi wa ghafla. Kisa kinachorudi kwa watu wengi namna hiyo hakiwezi kuwa ushahidi wa maisha ya mmoja wao.

Kiolezo hicho kilimpata Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, mkoani Ruvuma. Katika masimulizi yaliyozoeleka, yeye ni kibarua asiye na shule ya sanaa aliyeanza kuchora mwaka 1968 jijini Dar es Salaam kana kwamba kwa ufunuo, akauawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Tarehe hizo hazina ubishi. Tatizo ni yale ambayo masimulizi huyaacha nje. Alichora juu ya hadibodi, bidhaa ya mafundi ujenzi, kwa rangi ya mafuta ya dukani, katika jiji ambamo picha za wachoraji wa Kikongo zilikuwa zikiuzwa tayari. Mkewe, Agatha Mataka, alishiriki kuziuza. Vijana kama January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Matambwe, Casper Tedo na Simon Mpata, wengi wao jamaa zake, walijifunza kwake kwa kufanya kazi pamoja naye.

Katika wasifu, watu hawa huonekana baada ya kifo chake, wakiitwa wafuasi. Neno hilo linahukumu kabla ya kuchunguza, kwa kuwa humfanya mmoja kuwa chemchemi na wengine kuwa mifereji. Soko nalo liliongeza uzito wa hukumu hiyo. Picha ikithaminiwa kwa sahihi, mtafiti huanza kuuliza kama ni ya Tingatinga mwenyewe, na swali la nani aliandaa ubao, nani alipaka usuli na nani alichora mnyama halipati nafasi. Kwa karakana iliyofanya kazi namna hii, swali la pili ndilo lenye manufaa zaidi, ingawa ni gumu kulijibu.

Tukirudi Ikombe, kishawishi ni kurekebisha kosa kwa kumtafuta mama mmoja bingwa na kumwandikia wasifu. Nadhani hilo lingehamisha kosa tu. Linda Nochlin alikwisha kuonya mwaka 1971 kwamba kutafuta wanawake wakuu waliosahauliwa huiacha dhana yenyewe ya ukuu bila kuhojiwa. Ushonaji wa vikapu vya milulu mkoani Iringa unaonyesha jambo hilohilo kwa upande wa pili: jina la biashara ni la Iringa, na mshonaji hufichwa ndani yake.

Majina yaandikwe, lakini yaandikwe pamoja na uhusiano: binti alifundishwa na nani, udongo ulitoka wapi, nani alichoma, nani alivusha mzigo ziwani. Kwa vyungu vya zamani, mahojiano hayawezi kurejesha jina ambalo mkusanyaji hakulichukua. Hapo hubaki chombo chenyewe. Unene wa ukuta, mkunjo wa mdomo na mpangilio wa mapambo vinaweza kulinganishwa katika vyungu vingi vya mahali pamoja. Vyungu vinavyofanana kwa mambo yote matatu huenda vimetoka kwa mfinyanzi mmoja, au kwa mama na binti zake, na kwa kipimo hicho pekee mtafiti hawezi kuwatenganisha.