Matege chini ya jua la Dodoma

Saa nne asubuhi, jua la Nzuguni limeshakuwa kali. Karibu na viwanja vya Nane Nane watoto wanacheza kifua wazi, na vivuli ni vichache. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na ngozi iliyo wazi hapa haina shida ya kutengeneza vitamini D, ile inayousaidia utumbo kunyonya kalisi ya chakula. Kwa hesabu hiyo, mtoto wa nchi kama hii asingepaswa kupata matege ya ugonjwa.

Hesabu hiyo ilipigwa Ulaya. Mwaka 1890 Theobald Palm, daktari aliyewahi kufanya kazi Japani, aliandika kwamba miguu ya watoto hupinda katika miji ya moshi na vichochoro vya giza, na akalitaja jua kuwa tiba. Mwaka 1919 Kurt Huldschinsky wa Berlin aliwamulika watoto wagonjwa kwa taa ya miale ya urujuanimno, kisha akafuatilia mifupa yao kwa eksirei. Alipomulika mkono mmoja, mifupa ya mkono wa pili nayo ilipona. Ilikuwa dalili kwamba ngozi hutengeneza kitu kinachosafiri mwilini. Mwaka 1922 Elmer McCollum alikitambua kitu cha aina hiyo katika mafuta ya ini la samaki, na kikaja kuitwa vitamini D.

Jibu lilionekana kamili. Lakini Afrika ilikuwa na watoto wenye jua tele na miguu iliyopinda.

Fumbo hilo lilipata jibu lake kubwa Jos, mji wa Nigeria ulioko juu ya uwanda wa kati, mwinuko wake ukikaribiana na wa Dodoma. Mwaka 1999 Tom Thacher na wenzake walichapisha matokeo ya watoto 123 waliotibiwa kwa wiki 24: kundi moja vitamini D peke yake, jingine kalisi, la tatu vyote viwili. Waliopona vizuri kwa vitamini D peke yake walikuwa 19 kati ya 100. Kwa kalisi walifika 61. Watoto hao walikuwa wakipata kama miligramu 200 tu za kalisi kwa siku, kwa kuwa chakula chao kilikuwa nafaka na maziwa hayakuwapo. Nafaka isiyokobolewa ina asidi ya fitiki, inayoishika kalisi hiyo kidogo isinyonywe.

Kwa msomaji wa Dodoma habari hii iko jikoni. Mtoto aliyeachishwa ziwa akabaki na ugali wa mtama au uwele, bila maziwa wala dagaa wanaoliwa na mifupa yao, anakula chakula kinachofanana na cha Jos. Kikombe kimoja cha maziwa kina karibu miligramu 300.

Tuseme mama amemleta kliniki binti wa miaka mitatu. Miguu iliyopinda kidogo ni ya kawaida hadi karibu miaka miwili, ila ya huyu inazidi, na vifundo vya mikono vimevimba. Eksirei ya kifundo na ya goti ndiyo inayoamua. Mwisho wa mfupa wa mtoto mzima huwa na ukingo mweupe ulionyooka. Wa huyu umetanuka, umebonyea kama kikombe, na ukingo wake umechanikachanika kama pindo la kanga kuukuu. Hapo gegedu la ukuaji limekua bila kupata madini ya kuligeuza mfupa.

Anapewa kalisi, mara nyingi pamoja na vitamini D. Baada ya miezi michache mstari mweupe hurudi kwenye picha, na hiyo ndiyo alama kwamba mfupa unapona.

Mstari huo usiporudi, daktari atazame fosfati ya damu. Mwaka 1937 Fuller Albright alieleza habari za kijana ambaye vitamini D ya kawaida haikumfaa. Leo tunajua kwamba katika aina kuu ya ugonjwa huo jeni ya PHEX, iliyogunduliwa mwaka 1995, ina hitilafu. Homoni FGF23 inazidi na figo zinamwaga fosfati kwenye mkojo. Baba mwenye ugonjwa huu huwarithisha binti zake wote, wala hamrithishi mwana wa kiume hata mmoja. Maziwa hayatoshi hapa: mtoto hunywa fosfati mara kadhaa kwa siku pamoja na vitamini D iliyo tayari kutumika mwilini.

Kisu husubiri. Mfupa ukikatwa kabla haujapona hupinda tena, na miguu ya watoto wengi wadogo hujinyoosha yenyewe kadiri wanavyokua baada ya tiba. Kwa yule ambaye mguu wake umebaki umepinda, daktari wa mifupa huweka kibamba kidogo cha chuma chenye skrubu mbili kuvuka gegedu la ukuaji, upande wa nje wa goti lenye matege. Upande huo unazuiwa, wa ndani unaendelea kukua, na mguu unanyooka polepole, mara nyingi kwa mwaka mmoja hivi. Kisha kibamba hutolewa, maana kikisahaulika goti litaingia ndani. Kijana aliyemaliza kukua hana tena nafasi hiyo. Kwake ni kukata mfupa, kuunyoosha na kuufunga upya.