Mpindo na Mkunjo: Chuma cha Konkriti Kinapofika Sericho

Chuma cha konkriti, ambacho Watanzania hukiita nondo, kwa kawaida huuzwa kikiwa na urefu wa mita 12. Lori dogo linalotoka mjini Isiolo kupitia Garbatulla hadi Sericho halina bodi ndefu kiasi hicho, basi vyuma hukunjwa katikati na kufungwa kwa waya. Vikishushwa, vijana huvinyoosha kwa bomba na nyundo ili fundi aanze kupinda ringi na kulabu. Kwenye saiti kazi zote mbili huitwa kukunja. Katika makala haya nitaita mkunjo kile kilichofanywa kwa ajili ya lori, na mpindo kile kilichochorwa na mhandisi, kwa sababu ni mpindo pekee uliopewa kipimo.

Kipimo hicho ni nusukipenyo cha chini cha mpindo, yaani nusukipenyo cha upande wa ndani wa kona, ambacho chuma hakipaswi kupindwa kwa ukali kukipita. Kiwango cha Ulaya EN 1992 hakikitaji moja kwa moja. Hutaja kipenyo cha pini ambayo chuma huzungushwa juu yake. Kwa chuma kisichozidi milimita 16, pini iwe na kipenyo mara nne ya chuma. Kikizidi hapo, mara saba. Wengi huchanganya nusukipenyo na kipenyo, wakaishia na pini nyembamba mara mbili kuliko inavyotakiwa.

Tuchukue D12. Pini yake ni milimita 48, na nusukipenyo cha ndani ni 24. Sasa angalia meza ya kupindia: mara nyingi ni ubao uliopigiliwa vipande vya chuma, tuseme vya milimita 16. Ukipinda D12 juu ya pini ya 48, ngozi ya nje ya kona hurefuka kwa takriban moja ya tano. Juu ya pini ya 16, hurefuka kwa zaidi ya mbili ya tano. Chuma kinaweza kustahimili bila kukatika, na ndiyo maana fundi haoni kosa. Lakini nyufa nyembamba huanzia kwenye mizizi ya mbavu, na kona kali hubana konkriti iliyo ndani yake hadi ikapasuka mzigo unapokuja. Dawa ni rahisi: kipande cha bomba chenye kipenyo cha nje cha milimita 48 au zaidi kidogo, kivikwe kwenye pini ile ile.

Turudi kwenye mkunjo wa lori. Ukiwa mpana kama upinde, chuma kikinyooshwa polepole hakina neno. Ukiwa umebanwa mpaka miguu miwili ikakaribia kugusana, pale katikati chuma kimeshavutwa kupita kiasi na kuwa kigumu, na kukirudisha ni kukivuta mara ya pili kwa upande mwingine. Piga brashi ya waya sehemu hiyo, itazame juani upande uliokuwa nje. Ukiona ufa, au kona isiyokubali kunyooka, kata sehemu hiyo. Usiwashe moto ili kilainike: vyuma vingi vya siku hizi hupata nguvu kutokana na kupozwa ghafla kwa maji kiwandani, na moto huiondoa nguvu hiyo. Kwa maoni yangu, ni nafuu zaidi kwenda na michoro dukani Isiolo na kukatiwa urefu unaohitajika kabla ya kupakia, ukikumbuka kuhesabu mapishano ya vyuma kama mhandisi alivyoagiza.

Kutu nayo huzua ubishi. Vyuma vilivyokaa uani hupata rangi ya hudhurungi, na mwenye nyumba hutaka virudishwe. Kutu hiyo ya juujuu haina madhara; hata hukwaruza uso kidogo na kusaidia konkriti kushika. Inayokataliwa ni kutu ya magamba, inayobanduka kwa vipande, na ile iliyochimba vishimo au kula mbavu.

Mkishindwa kukubaliana, tumieni mizani. Kateni mita moja kamili ya D12, isugueni kwa brashi ya waya ya mkono, kisha ipimeni. Uzito wake halali ni gramu 888. Kiwango cha Uingereza BS 4449 kinaruhusu upungufu wa asilimia 4.5, kwa hiyo chini ya gramu 848 hivi chuma hicho hakifai kuhesabiwa kama D12, iwe kimeliwa na kutu au kilitoka chembamba tangu kiwandani.

Msivioshe vyuma kwa maji ya kisima chenye chumvi, wala msikorogee konkriti kwa maji hayo. Chumvi inayobaki ndani ya konkriti huendelea kula chuma baada ya plasta kukauka.