Jedwali la Vihatarishi: Hatua Iseme Inapunguza Nini

Kihatarishi ni jambo ambalo bado halijatokea, lakini likitokea litauvuruga mradi. Hapo ndipo linapotofautiana na tatizo, ambalo limeshatokea na linasubiri kutatuliwa. Hatari nayo ni chanzo chenyewe. Floridi iliyomo ardhini katika baadhi ya maeneo ya mkoa wa Singida ni hatari. Ipo, tuchimbe tusichimbe. Kihatarishi ni kwamba tutachimba kisima kirefu, tutafunga pampu na kulaza mabomba, kisha tugundue kwamba maji hayafai kunywa.

Jedwali la vihatarishi hukipima kila kimoja kwa mambo mawili: uwezekano wa kutokea, na athari zake kikitokea. Kila upande hupewa alama 1 hadi 5, kisha alama hizo huzidishwa. Hesabu ni nyepesi. Kazi iko kwenye kukubaliana, kabla ya kujaza chochote, kila alama ina maana gani. Kwa mradi wetu wa kisima, athari 5 iwe kijiji kukosa maji ya kunywa na fedha zote kupotea. Athari 3 iwe kuchelewa miezi kadhaa au kupoteza gharama za kuchimba tu. Maana hizi zisipoandikwa mapema, kila mtu atachagua namba inayompendeza mfadhili.

Tuanze na floridi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi sana kwa miaka mingi huharibu meno ya watoto, na baadaye mifupa, na kuchemsha maji hakuiondoi. Tuseme visima vya vijiji jirani vilipimwa, vingine vikavuka kiwango hicho na vingine havikuvuka. Basi uwezekano ni 3, na ushahidi huo uandikwe kwenye mstari uleule. Athari ni 5. Zao lake ni 15, rangi nyekundu.

Kihatarishi cha pili ni mvua. Singida ina msimu mmoja, takribani Novemba hadi Aprili, na gari la kuchimbia ni zito. Kazi ikipangwa Januari kwenye barabara ya udongo, karibu ni hakika litakwama: uwezekano 5, athari 3. Hapa pia ni 15.

Alama zimelingana, ila mambo hayalingani. Barabara hukauka na kazi ikaendelea. Fedha iliyolazwa chini kama mabomba ya maji yasiyonyweka hairudi. Mwaka 2008 mtaalamu wa Marekani, Louis Anthony Cox, alionyesha kwamba majedwali ya aina hii yanaweza hata kukipa kihatarishi kikubwa alama ndogo kuliko kidogo. Kwa hiyo mimi husoma safu ya athari peke yake kwanza, na chochote chenye 5 hukijadili hata kama uwezekano wake ni 1.

Sasa mpango wa kukabiliana na kihatarishi, na hapa ndipo uongo hupenya. Mara nyingi utakuta kila mstari umeandikwa "ufuatiliaji wa karibu", mhusika ni "timu ya mradi", na alama za baada ya hatua zimeshuka pande zote mbili bila maelezo. Dai ukweli kwa swali moja: hatua hii inapunguza uwezekano au athari?

Kuhamishia uchimbaji Julai kunapunguza uwezekano wa gari kukwama, toka 5 hadi 1. Likikwama, athari ni ileile 3. Kwa floridi mambo ni kinyume. Hatua ni kupeleka sampuli maabara mara tu baada ya kuchimba na kupima wingi wa maji, na kutonunua pampu wala bomba hadi majibu yarudi. Hatua hiyo haipunguzi hata chembe ya floridi ardhini, hivyo uwezekano unabaki 3. Kinachoshuka ni athari, toka 5 hadi 3, kwa kuwa tutapoteza shimo na si mradi mzima, kisha tutachimba eneo la pili. Inabaki 9, rangi ya njano, na iachwe njano hata kama mkuu wa mradi angependa kijani.

Kila hatua pia iwe na mtu mmoja anayewajibika, tarehe, na gharama iliyomo kwenye bajeti. Ada ya maabara na fedha ya kuchimba eneo la pili zisipokuwa kwenye bajeti, basi hatua hiyo haipo, na alama irudishwe 15.

Majibu ya maabara yakija na miligramu 2.8, mstari wa floridi unatoka kwenye jedwali na kuingia orodha ya matatizo. Fedha ya eneo la pili inafunguliwa, na serikali ya kijiji na mfadhili wanaarifiwa wiki hiyohiyo. Yakija na 0.9, uwezekano unashushwa hadi 1, na tarehe ya kipimo inaandikwa pembeni, maana maji ya kisima hupimwa tena baada ya kuanza kutumika.