Jasho la bilauri: Jinsi matone na barafu vinavyoandaliwa kwa picha za matangazo ya vinywaji baridi

Bilauri ya juisi inayoonekana katika tangazo, ikiwa imefunikwa na matone yanayong'aa na kujaa vipande vya barafu, mara nyingi haina ubaridi wowote wakati inapopigwa picha. Juisi ina joto sawa na la chumba, matone ni mchanganyiko wa maji na glisirini, na barafu ni plastiki ngumu iliyochongwa. Makala haya yanaeleza sababu ya wapiga picha kuacha ubaridi wa kweli, namna wanavyouiga, na mahali ambapo uigaji huo hugeuka kuwa udanganyifu.

Maji yanayotoka hewani

Matone yanayojitokeza nje ya bilauri baridi hayavuji kutoka ndani yake. Hutoka hewani. Hewa hubeba maji katika hali ya mvuke usioonekana, na kadiri inavyopoa ndivyo uwezo wake wa kuyabeba unavyopungua. Hewa inapogusa kitu kilicho baridi kuliko kiwango fulani, mvuke hugeuka kuwa maji juu ya kitu hicho. Kiwango hicho huitwa kiwango cha umande, nacho hubadilika kulingana na joto na unyevu wa mahali.

Hapo ndipo shida ya mpiga picha inapoanzia. Katika studio yenye kiyoyozi, ambamo joto ni nyuzi 22 za Selsiasi na unyevu ni asilimia 40, kiwango cha umande ni takriban nyuzi 8. Kinywaji kilichotoka kwenye jokofu kikiwa na nyuzi 4 kitatoa jasho jepesi tu, na kikishapata joto na kuzidi nyuzi 8, matone hayataongezeka tena. Yaliyopo yatakauka mbele ya taa kabla kamera haijawekwa sawa.

Kwenye hewa nzito ya mwambao mambo huwa kinyume. Siku yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, kiwango cha umande hufika takriban nyuzi 25. Bilauri hutoa jasho kwa wingi hata ikiwa na kinywaji kisicho baridi sana. Matone hukua upesi, huungana, kisha huteremka na kuacha kidimbwi mezani. Mpiga picha wa kwanza hana matone ya kutosha, na wa pili hawezi kuyatuliza. Kazi ya picha moja ya tangazo huweza kuchukua saa kadhaa, na umande wa kweli hauwasubiri.

Maelezo yanayotangulia kamera

Mteja anayemwambia mpiga picha kwamba kinywaji "kionekane baridi" bado hajasema jambo linaloweza kutendwa. Maelezo yenye manufaa hujibu maswali manne: matone yawe na ukubwa gani, yasambae kwa wingi gani, yaanzie na kuishia wapi, na kama kuna yanayoteremka.

Tuchukue mfano wa bilauri ndefu ya juisi ya pasheni. Maelezo yake yanaweza kuandikwa hivi: "Ukungu mwembamba ufunike kioo kuanzia usawa wa juisi hadi karibu na kitako. Juu ya ukungu huo yawepo matone ya ukubwa wa kichwa cha pini, yasiyopangwa kwa mistari, na machache yenye ukubwa wa punje ya mtama. Tone moja liwe limeteremka upande wa kushoto na kuacha njia safi nyuma yake. Ukingo wa bilauri ubaki mkavu."

Kila sentensi katika maelezo hayo inafuata tabia ya umande wenyewe. Umande huanza kama ukungu. Matone madogo hukua, jirani wawili huungana, na tone likizidi uzito wake huteremka likiyazoa yaliyo njiani. Ndiyo maana njia yake huwa safi, na ndiyo maana ukubwa wa matone haulingani. Ukingo hubaki mkavu kwa sababu kioo hupozwa na juisi, na pale ambapo juisi haifiki, kioo hakina ubaridi wa kutosha.

Hatua za kutengeneza matone

Kwanza bilauri huoshwa, hukaushwa na kufutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Tangu hapo hushikwa kwa glavu, kwa kuwa alama ya kidole huonekana wazi chini ya taa. Sehemu ya juu, kuanzia usawa ambao juisi itafikia, hufunikwa kwa utepe wa karatasi wenye gundi.

Kisha nje ya bilauri hupuliziwa vanishi isiyong'aa, safu nyembamba, nayo huachwa ikauke. Safu hiyo hufanya kazi mbili. Hutoa sura ya ukungu, na pia huyasaidia matone kusimama. Juu ya kioo kisafi kabisa maji hupenda kutandaa na kuwa utando bapa. Juu ya vanishi hujikusanya na kuwa duara.

Baada ya hapo bilauri hujazwa juisi, na mchanganyiko wa glisirini na maji, nusu kwa nusu, hutiwa katika chupa ya kunyunyizia. Glisirini ni kimiminika kizito kinachopatikana katika maduka ya dawa. Haikauki kwa urahisi, hushikilia maji, na uzito wake huyazuia matone kuteremka. Hunyunyizwa kwa mbali kidogo, mara chache chache, huku mfanyakazi akisubiri na kutazama kila mara. Matone makubwa huongezwa mwishoni, moja moja, kwa bomba la sindano au ncha ya kijiti. Njia ya tone lililoteremka huchorwa kwa brashi nyembamba yenye unyevu. Utepe huondolewa mwisho, na mpaka ulionyooka mno kati ya sehemu yenye matone na iliyo kavu hulainishwa kwa pamba.

Kosa linalotokea mara nyingi ni kuzidisha. Matone yakigusana huungana, na uso wote hugeuka kuwa utando unaotiririka. Hakuna namna ya kurekebisha hali hiyo, ila kuosha bilauri na kuanza upya. Kosa la pili ni matone yote kuwa na ukubwa mmoja, jambo linalokipa kioo sura ya ngozi yenye vipele. Mtazamaji huenda asiweze kutaja kasoro hiyo, lakini hatavutiwa.

Barafu isiyoyeyuka

Barafu ya kweli ina matatizo mawili. La kwanza ni kuyeyuka, ambako huipunguza rangi ya juisi. La pili ni kwamba barafu angavu hupindisha nuru karibu sawa na maji. Ikizama ndani ya kinywaji, kingo zake hufifia, na kinachoonekana ni nyufa na viputo vya hewa tu.

Vipande vya akriliki, yaani plastiki ngumu iliyo angavu, hupindisha nuru zaidi ya maji, kwa hiyo kingo zake huonekana hata ndani ya kinywaji. Lakini akriliki ni nzito kuliko maji na huzama, ilhali barafu huelea. Kwa hiyo vipande hupangwa kabla ya kumimina juisi, vikianzia chini na kupanda hadi juu, ili kile cha mwisho kichomoze. Kipande cha barafu ya kweli kinachoelea peke yake hutokeza takriban sehemu moja kwa kumi tu juu ya maji. Mtazamaji akiona katika picha vipande vichache vimetulia kitakoni na juu hakuna kitu, ajue kwamba hiyo si barafu.

Nuru inayotoka nyuma

Tone ni lenzi ndogo. Likiangaziwa kutoka mbele peke yake huonekana kama doa jeupe. Likipata nuru kutoka nyuma hung'aa katikati na kuwa na ukingo mweusi, nalo hupata umbo. Kwa sababu hiyo, nyuma ya bilauri ya pasheni huwekwa kadi nyeupe au ya rangi ya fedha, iliyokatwa kwa umbo la bilauri na kupunguzwa kidogo ili isionekane pembeni. Kadi hurudisha nuru kupitia ndani ya juisi, na rangi ya manjano iliyokuwa imefifia huwaka. Nyama za pasheni hutuama chini baada ya muda, hivyo juisi hukorogwa taratibu kabla ya kila picha.

Juisi hiyo hainywewi baada ya kazi. Glisirini yenyewe hutumika hata katika vyakula, lakini vanishi si chakula.

Pambo na ushahidi

Swali linalobaki ni kama mnunuzi anadanganywa. Mwaka 1965 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi kati ya Tume ya Biashara ya Shirikisho na kampuni ya Colgate-Palmolive. Tangazo la televisheni lilikuwa limeonyesha krimu ya kunyolea ikilainisha msasa hadi ukanyolewa papo hapo. Kilichoonyeshwa hakikuwa msasa, bali plastiki iliyomwagiwa mchanga, nao msasa wa kweli ulihitaji kulowekwa kwa takriban dakika 80. Mahakama iliona kwamba watazamaji walipewa jaribio kama uthibitisho, ilhali jaribio hilo halikufanyika.

Katika uamuzi huohuo majaji waligusia aiskrimu, ambayo huyeyuka chini ya taa na huweza kuwakilishwa na viazi vilivyopondwa. Walitofautisha hali hiyo na ya msasa, kwa kuwa viazi hivyo havitolewi kuwa uthibitisho wa sifa ya bidhaa. Miaka mitano baadaye tume hiyo ilitoa amri dhidi ya kampuni ya supu ya Campbell, ambayo matangazo yake yalionyesha bakuli lililotiwa gololi za kioo chini ili mboga zijitokeze juu. Hapo kilichoigwa kilikuwa kiasi cha mboga, yaani kile hasa ambacho mnunuzi alilipia.

Kwa kipimo hicho, glisirini kwenye bilauri ya juisi ni pambo, kwa sababu anayeuza juisi hauzi ubaridi. Lakini muuzaji wa jokofu au sanduku la kuhifadhia ubaridi akionyesha chupa yenye matone na kusema imekaa humo saa kumi na mbili bila umeme, matone hayo yamekuwa ushahidi, na lazima yawe ya kweli. Hata yakiwa ya kweli, bado hayatoshi. Siku ya unyevu mwingi, chupa yenye nyuzi 15 hutoa jasho sawasawa na iliyotoka kwenye barafu. Kinachothibitisha ubaridi ni kipimajoto.