Ukuta wa Makutano Unakumbuka Kutuliko

Wasee, mkipita Makutano pale Meru, angalieni kuta za maduka zilizoanza kubambuka rangi. Juzi nilisimama mbele ya moja. Juu kulikuwa na nyekundu ya kampuni ya simu, na pale ilipoanguka, herufi za brashi zilikuwa zinachungulia: KARIBU HOTELI. Niliutambua mkono huo. Ile K yenye mguu mrefu ni ya mjomba wangu.

Nani alimfunika? Turudi nyuma kidogo. Kencell ilianza mwaka 2000, ikawa Celtel 2004, Zain 2008, halafu Airtel 2010. Kampuni moja, majina manne, miaka kumi. M-Pesa nayo ikaingia 2007 na kijani cha Safaricom. Kila jina lilihitaji kuta. Mwenye duka akiambiwa atapakiwa rangi bure, atakataa aje? Basi kuanzia Meru, kupitia Chuka, hadi Embu, maduka mengi yakavaa sare. Fundi wa mtaa akaachiwa kaupande kadogo ka kuandika jina la duka.

Lakini mbona mjomba amerudi? Ni rangi. Yeye aliandika kwa rangi ya mafuta, ile ya kung'aa. Waliomfuata walipaka rangi ya maji juu yake bila kupiga msasa. Rangi ya maji haishiki vizuri kwenye uso laini wenye mafuta. Jua na mvua vikiizoea, inainuka kama ganda. Ukitaka kujua ni ipi, sugua kwa kitambaa chenye spiriti: ya maji italainika na kutoka, ya mafuta itabaki.

Na usidhani kuandika vile ni kubahatisha. Ukuta ule una mita 3. Mjomba alikuwa anaacha sentimita 20 kila upande, anabaki na 260. KARIBU HOTELI ni herufi 12 na nafasi moja, jumla 13, kwa hivyo kila moja inapata 20. I ni nyembamba, kwa hivyo anaibana na kuwagawia majirani zake. Anapiga mistari kwa uzi uliopakwa chaki, anachora kwa penseli, ndipo anashika brashi. Asiyehesabu utamjua: herufi za mwanzo nono, za mwisho zimesongamana kama abiria wa matatu.

Sisemi turudi zamani. Bango la plastiki linachapwa siku hiyo hiyo, na mjomba alihitaji karibu siku nzima rangi ya kwanza ikauke kabla ya kuweka kivuli cha herufi. Shida yangu ni moja: hakuwahi kuandika jina lake chini. Nikiwa na duka, fundi wangu ataweka jina na mwaka kwenye kona, kwa rangi ya mafuta.