Nani Abebe Lawama Fundi Anapoanguka?

Mwaka 1866, mahakama ya London ilisikiliza kesi ya fundi wa gesi aliyeingia katika kiwanda cha sukari kukagua kifaa kilichofungwa na mwajiri wake. Ghorofani palikuwa na shimo la kupandishia sukari, wazi, bila uzio. Akatumbukia. Hakuwa mtumishi wa kiwanda, lakini Jaji Willes aliamua kwamba anayeingia kwa shughuli yenye faida kwa mwenye mahali, naye akijihadhari ipasavyo, lazima alindwe dhidi ya hatari isiyo ya kawaida ambayo mwenyeji anaijua au alipaswa kuijua.

Sharti hilo la kujihadhari lilikuwa na makali. Tangu 1809, majeruhi aliyechangia ajali kwa uzembe wake aliweza kukosa kila senti. Sheria ya Uingereza ya 1945 iliondoa ukali huo: fidia ikawa inapunguzwa kwa kadiri ya lawama yake. Ile ya 1957 ikaongeza kwamba fundi hutarajiwa kujikinga na hatari za kawaida za kazi yake. Kenya ilizichukua kanuni hizi mbili, nazo zimo katika Sura ya 26 na ya 34 ya sheria zake.

Tuchukue mfano. Kampuni ya umeme inamtuma fundi wake juu ya paa la ghala. Mwenye ghala anajua mabati ya plastiki yamechakaa, hasemi. Kampuni haikutoa mkanda wa usalama. Fundi alionyeshwa njia ya mbao, akaikwepa ili kufupisha safari. Bati linapasuka. Hasara ni shilingi 1,000,000, na mahakama inagawa lawama: ghala asilimia 60, kampuni 20, fundi 20. Fundi atapata 800,000. Anaweza kumdai mwenye ghala zote, kisha mwenye ghala airudie kampuni kwa 200,000.

Sasa tazama mkataba. Wengi huandika: “Mteja hatawajibika kwa majeraha yoyote.” Fundi hakutia saini hapo, kwa hiyo mapatano ya mteja na mwajiri wake hayamnyang’anyi haki ya kulindwa. Na neno “yoyote” halisemi nani alitakiwa kufunika shimo. Afadhali kuandika hivi:

“Mteja ataeleza kwa maandishi, kabla ya kazi, hatari za jengo anazozijua au anazopaswa kuzijua. Mkandarasi atasimamia njia ya kufanya kazi na vifaa vya kujikingia. Mtu akiumia, kila upande utabeba gharama kwa kadiri uzembe wake ulivyochangia.”

Sentensi mbili za kwanza ndizo zinazoipa ya tatu nguvu. Bila kutaja nani anajua paa na nani analeta mkanda, “kwa kadiri” huwa ugomvi mtupu. Asilimia zenyewe zisiandikwe mapema, kwa kuwa hakuna ajuaye bati gani litapasuka.

Mwenye kiwanda cha sukari alilijua shimo lake. Mgeni hakulijua. Mkataba mzuri huanzia hapo.