Upumuaji wa polepole kabla ya kulala

Upumuaji wa polepole kabla ya kulala ni zoezi ambalo mtu hupunguza idadi ya pumzi zake hadi kufikia takriban 6 kwa dakika, huku akitumia muda mrefu zaidi kutoa pumzi kuliko kuivuta. Kwa kawaida mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Zoezi hufanywa kitandani kwa dakika chache. Halimlazimishi mtu kulala kama zifanyavyo dawa za usingizi. Kazi yake ni kupunguza msisimko wa mwili unaouzuia usingizi kuja.

## Msisimko wa mwili

Viungo vya ndani huongozwa na mfumo wa neva unaojiendesha, ambao una pande mbili. Upande wa simpathetiki huuandaa mwili kwa kazi au hatari: moyo hupiga haraka, shinikizo la damu hupanda na misuli hukaza. Upande wa parasimpathetiki huurudisha mwili kwenye utulivu. Mtu anayelala huku akiwaza mtihani wa kesho au deni lisilolipwa huwa amejinyosha kitandani, lakini upande wa simpathetiki bado una nguvu.

Hakuna awezaye kuuamuru moyo wake upunguze mapigo ukatii. Pumzi ni tofauti: hujiendesha yenyewe, lakini pia hutii mtu anapotaka kuiharakisha au kuichelewesha. Kwa kupitia pumzi, basi, mtu huweza kuugusa moyo kwa njia ya mzunguko. Lugha ya Kiswahili yenyewe husema kwamba mtu aliyepata nafuu "ameshusha pumzi".

## Kinachotokea moyoni

Mapigo ya moyo hayalingani kama ya saa ya ukutani. Yanaongezeka kidogo mtu anapovuta pumzi na kupungua anapoitoa. Mwanafiziolojia Mjerumani Carl Ludwig aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1847. Kijana mwenye afya anaweza kulihisi kwa kuweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na kupumua polepole.

Chanzo chake kikubwa ni neva ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo na kushuka hadi moyoni. Neva hiyo hufanya kazi kama breki. Wakati wa kuvuta pumzi, ishara zake kuelekea moyoni hupungua, na wakati wa kutoa pumzi hurudi kwa nguvu. Mwisho wa neva humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo hupunguza kasi ya sehemu ya moyo inayoanzisha mapigo. Otto Loewi alionyesha mwaka 1921 kwamba neva hiyo hutumia kemikali: aliisisimua vagasi ya moyo wa chura, akachukua maji yaliyouzunguka na kuyaweka kwenye moyo wa chura mwingine, nao ukapunguza mapigo. Mwaka 1936 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale.

Asetilikolini hufanya kazi na kuondolewa upesi sana, kwa hiyo breki hiyo huweza kukazwa na kulegezwa katika kila pumzi. Athari za upande wa simpathetiki huja na kuondoka polepole zaidi. Ndiyo sababu pumzi moja ndefu hubadilisha mapigo papo hapo, lakini haitoshi kuuondoa msisimko wote. Zinahitajika dakika kadhaa.

## Kwa nini polepole

Huenda ikadhaniwa kwamba faida yote inatokana na kurefusha muda wa breki. Hesabu huonyesha sivyo. Tuseme moyo wa mtu hupiga kwa kasi ya 72 kwa dakika anapovuta pumzi, na 60 anapoitoa. Akivuta na kutoa kwa muda sawa, wastani wake ni 66. Akivuta kwa sekunde 4 na kutoa kwa sekunde 6, wastani huwa takriban 65. Tofauti ni pigo moja tu.

Sababu nyingine ni mwendo wenyewe. Kwenye kuta za mishipa mikubwa ya damu, hasa shingoni na karibu na moyo, kuna vipokezi vinavyopima shinikizo la damu. Shinikizo likipanda, vipokezi huupasha ubongo habari, nao huzidisha ishara za vagasi na kupunguza za simpathetiki. Mzunguko huo wa kusahihisha huchukua takriban sekunde 10. Mtu anayepumua mara 6 kwa dakika hutumia sekunde 10 kwa kila pumzi, hivyo pumzi na marekebisho ya shinikizo hukutana, kama anayesukuma bembea kwa wakati wake. Mabadiliko ya mapigo kati ya kuvuta na kutoa pumzi huwa makubwa zaidi.

## Jinsi ya kufanya

Mtu hulala chali au ubavu, taa ikiwa imezimwa. Huvuta pumzi kwa pua, tumbo likiinuka kidogo, kisha huitoa kwa pua au kwa midomo iliyokaribiana kama anayepoza chai. Haibani pumzi kati ya kuvuta na kutoa.

Kwa mfano, mtu anayepumua mara 15 kwa dakika hutumia sekunde 4 kwa kila pumzi. Akirukia sekunde 10 mara moja atahisi kukosa hewa. Kwa dakika 2 za kwanza avute kwa hesabu ya 3 na kutoa kwa hesabu ya 4, yaani takriban pumzi 17. Kisha kwa dakika 5 avute kwa 4 na kutoa kwa 6, yaani pumzi 30. Kwa dakika hizo 7 atakuwa amepumua mara 47 badala ya 105. Baada ya hapo huacha kuhesabu na kuiacha pumzi ijiendeshe.

## Makosa ya kawaida

Kosa kubwa ni kuvuta hewa nyingi mno. Dioksidi kabonia katika damu hupungua, mishipa ya damu ya ubongo husinyaa, na mtu huhisi kizunguzungu au ganzi kwenye midomo na vidole. Dawa yake ni kuvuta hewa kidogo zaidi kila mara, bila kuharakisha.

Kosa la kinyume chake ni kurefusha kutoa pumzi kupita uwezo. Dalili yake ni kiu ya hewa na pumzi inayofuata kuvutwa kwa pupa. Hapo inafaa kurudi kwenye hesabu ya 3 na 4. Aidha, kujichunguza kila dakika kama usingizi umekaribia huuamsha mwili upya.

## Mipaka

Tafiti zilizolinganisha kutoa pumzi kwa muda mrefu na kupumua polepole kwa muda sawa hazikutoa jibu moja. Kwa hiyo anayeona ugumu na 4 kwa 6 anaweza kutumia 5 kwa 5.

Zoezi hili haliponyi maradhi ya usingizi. Anayekosa usingizi angalau usiku 3 kwa wiki, kwa muda wa miezi 3 au zaidi, anahitaji tiba maalumu ya kubadili mazoea na fikra kuhusu kulala. Anayekoroma kwa nguvu, pumzi ikikatika usingizini, ana tatizo la koo kuziba anapolala, na zoezi linalofanywa akiwa macho haliwezi kulizuia. Mwenye pumu hapaswi kujilazimisha wakati kifua kimebana.

## Tazama pia

* Usingizi
* Moyo
* Mfumo wa neva